Ukungu tele, samaki tele, mvua hakuna

Je, wajua kwa nini Walvis Bay ya Namibia ni jangwa lenye ukungu, ilhali Inhambane ya Msumbiji, karibu latitudo ileile upande wa pili wa bara, ina minazi na mvua?

Tofauti inaanzia baharini. Pwani ya Msumbiji hupokea maji ya moto yanayoteremka kutoka upande wa ikweta. Hewa iliyo juu yake hubeba mvuke mwingi, hupata joto, hupaa, na ikipoa huko juu mvua hunyesha. Namibia inapitiwa na mkondo baridi wa Benguela unaoelekea kaskazini, na maji ya karibu na ufuko mara nyingi huwa nyuzijoto 12 hadi 16 tu.

Wengi hudhani baridi hiyo yote inatoka Ncha ya Kusini. La, sehemu kubwa inatoka chini. Upepo wa kusini huvuma sambamba na pwani ukisukuma maji ya juu, na kwa sababu dunia inazunguka, katika kizio cha kusini maji hayo hupinda kushoto, yaani magharibi, yakaiacha nchi kavu. Nafasi yake hujazwa na maji yanayopanda kutoka kina cha mita mia moja na zaidi. Hali hii ina nguvu kuliko kwingine karibu na mji wa Lüderitz.

Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa mpaka mvuke unageuka ukungu. Lakini hewa baridi ni nzito, tena imefunikwa na hewa ya joto inayoshuka kutoka juu, hivyo haipandi kufanya mawingu ya mvua. Walvis Bay haifikishi milimita 30 za mvua kwa mwaka. Ukungu wenyewe huingia bara makumi ya kilomita, na jangwani humo kuna mbawakawa wanaopanda vilele vya mchanga, wakainamisha vichwa na kunywa matone yanayowatiririkia mgongoni.

Maji ya chini huja pia na mbolea, iliyotokana na mizoga na mabaki yaliyozama na kuoza. Yakifika kwenye mwanga, vijimea vya baharini huchipua, na bahari hugeuka kijani. Sardini hula vijimea na vidudu vyake, na samaki wakubwa, ndege na sili huwala sardini. Kwenye bahari ya joto maji mepesi ya juu hukaa kama kifuniko na mbolea hubaki chini. Ndiyo maana maji ya buluu maangavu yanayowapendeza watalii mara nyingi yana chakula kidogo.

Hata hivyo neema ya Benguela huyumba. Mwaka 1995 maji ya joto ya Angola yalisukumwa kusini hadi Namibia, na sardini wengi wakafa au wakahamia kusini zaidi. Nao tayari walikuwa wachache: mwaka 1968 zilivuliwa zaidi ya tani milioni moja, na miaka michache baadaye uvuvi huo ukaporomoka. Hapo mkondo haukuwa na kosa, nyavu zilizidi.