SSD ya bei rahisi ikijaa huwa nzito: dhana potofu na ukweli

Mafundi kompyuta wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, wameshalizoea lalamiko hili: "Mwanzo ilikuwa inakimbia, siku hizi nzito, nadhani imechoka." Mara nyingi anayelalamika ni mpiga video za harusi, na mara nyingi anaondoka akiwa ameambiwa anunue SSD nyingine, ilhali ile aliyokuja nayo ni nzima kabisa.

Tuchukue diski moja ya namna hiyo. Ni NVMe, SSD ya njia ya kasi, ya terabaiti 1, ya aina ya QLC, na karatasi yake inasema 200 TBW. Imebakiwa na GB 80. Mwenyewe anahamishia humo video za harusi ya Ujiji, GB 60, kutoka SSD nyingine iliyomo kwenye kompyuta hiyohiyo. Sekunde kumi na kitu za kwanza dirisha la kunakili linaonyesha MB 1,500 kwa sekunde. Kisha mstari unaporomoka hadi MB 100, na haupandi tena.

"Ikishapungua kasi, ujue imechakaa"

TBW ni jumla ya terabaiti unazoweza kuandika kabla dhamana ya mtengenezaji haijakoma. Haisemi lolote kuhusu kasi. Kabla ya kumtoa mtu pesa mfukoni, fundi aulize diski yenyewe. Kwenye Linux ni amri moja:

```
sudo smartctl -a /dev/nvme0
```

Katika majibu, tafuta mistari hii:

```
Available Spare:                    100%
Percentage Used:                    19%
Data Units Written:                 61,950,212 [31.7 TB]
Media and Data Integrity Errors:    0
```

Anayetumia Windows atayapata hayahaya kwenye CrystalDiskInfo. Kila kizio cha Data Units ni baiti 512,000, ndiyo maana milioni 62 kasoro kidogo zinatoa terabaiti 31.7. Kati ya 200 hiyo ni kama asilimia 16. Studio inayoandika GB 100 kila wiki inaandika takriban TB 5 kwa mwaka, kwa hiyo hata baada ya miaka 30 haitakuwa imefika 200. Diski hii haijachoka.

"Kasi ya kwenye kasha ndiyo kasi ya diski"

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Seli ya QLC hubeba biti 4, maana yake kontrola, chipu inayoiendesha diski, lazima ipambanue viwango 16 vya chaji ndani ya seli moja. Kuandika kwa uangalifu wa namna hiyo huchukua muda. Watengenezaji wakabuni njia ya kulificha hilo: seli zilizo wazi huandikwa kwanza biti 1 tu kila moja, kama SLC, na hapo kazi huenda mbio. Baadaye, diski ikiwa imetulia, kontrola huzikusanya data zile na kuzipanga upya, biti 4 kwa kila seli. Sehemu hiyo ya muda ndiyo kache ya SLC, na namba kubwa iliyochapwa kwenye kasha imepimwa humo.

Sasa angalia gharama yake. Seli ambayo ingebeba biti 4 inabeba 1, kwa hiyo kila GB 1 ya kache inakula nafasi ya GB 4. Katika diski nyingi za bei rahisi ukubwa wa kache hutegemea nafasi iliyo wazi. Kukiwa na GB 600 wazi, kache inaweza kufika GB 150, na video za harusi ya Ujiji zingeingia zote kwa sekunde 40. Zikibaki GB 80, kache haivuki GB 20 hivi. Hizo GB 20 zinaisha kwa sekunde 13, na GB 40 zilizosalia zinakwenda kwa MB 100 kwa sekunde, yaani sekunde 400. Jumla ni karibu dakika 7 kwa kazi ya sekunde 40, na diski ni ileile. Haya ni makadirio, kwani kila modeli ina mpango wake, na zipo zinazotenga kache ndogo isiyobadilika. Ila mwenendo ndio huo.

Mbona MB 100, kidogo hivyo? Kwa sababu kache ikijaa, kontrola inafanya kazi mbili kwa mpigo: inapokea data mpya huku ikizihamisha za zamani ili ipate seli wazi. Isitoshe, huandika kurasa za kilobaiti chache lakini hufuta bloku nzima ya megabaiti kadhaa, hivyo data zote zilizo hai ndani ya bloku hubidi zihamishwe kwanza. Diski tupu haina mzigo huo.

Anayenakili moja kwa moja kutoka kadi ya kamera inayosoma MB 90 kwa sekunde huenda asiyaone haya kabisa, maana kadi ndiyo inayomchelewesha. Ndiyo sababu watu wawili wenye diski ileile hubishana bila kuelewana.

"Kache ni kache tu"

Wauzaji huchanganya vitu viwili. Kache ya DRAM ni chipu ya kumbukumbu inayotunza ramani ya mahali kila data ilipo, takriban GB 1 kwa kila terabaiti. NVMe isiyo nayo huazima kipande kidogo cha RAM ya kompyuta. SSD ya SATA, ile ya njia ya zamani, isiyo nayo haina pa kuazima, na faili ndogondogo nyingi huitesa. Lakini DRAM haiongezi hata GB moja kwenye kache ya SLC.

"Ukishafuta faili, nafasi imerudi"

Faili iliyoko Recycle Bin bado imekaa kwenye diski. Hata baada ya kumwaga pipa hilo, diski haijui kwamba nafasi iko wazi mpaka mfumo uiambie kwa amri ya TRIM. Unaweza kuilazimisha kwenye PowerShell iliyofunguliwa kama msimamizi:

```
Optimize-Volume -DriveLetter D -ReTrim
```

Kisha iache kompyuta ikiwa imewaka bila kazi, nusu saa hivi. Hapa wengi wetu tunaponzwa na jenereta: kunakili kukiisha tu, tunazima ili tuokoe mafuta, na kontrola haipati muda wa kupanga upya. Kesho yake kache bado imejaa, lawama zinamwendea aliyeuza.

"TBW ikifika, diski inakufa"

Haifi siku hiyo. Kwa kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, SSD ya matumizi ya kawaida iliyofikia TBW yake inatakiwa bado itunze data mwaka 1 bila umeme, kwenye nyuzi 30. Diski iliyochakaa kweli, ukiitupa kabatini na harusi za watu ndani, hapo ndipo pa kuogopa. Kujaa nako kunagusa uchakavu: uhamishaji ule wa ndani nao ni kuandika, japo Data Units hauuhesabu. Ndiyo maana Percentage Used ya mfano wetu, makadirio ya diski yenyewe ya uchakavu wake, inasoma asilimia 19 badala ya 16.

Ukishaacha wazi robo ya diski, ukapitisha TRIM na kuipa muda, nakili tena zile GB 60. Kasi ikirudi, tatizo lilikuwa kujaa. Isiporudi, rudi kwenye smartctl: Media and Data Integrity Errors ikiwa si 0 na inapanda, au Available Spare, yaani akiba ya bloku, inashuka, nakili kazi za wateja kwanza, mengine baadaye. Na kama kazi yako ni kumwaga GB 300 kwa mkupuo, QLC itakuangusha hata ikiwa nusu tupu. Tafuta ya TLC, yenye biti 3 kwa kila seli. Nyingi za terabaiti 1 zimeandikwa 600 TBW.