Azimio la jezi: namna ninavyoandika muhtasari wa kikao cha kamati

Nimekuwa katibu wa klabu mbili za maveterani wa mpira wa miguu hapa Dar es Salaam, na sasa huitwa mara kwa mara kuwaelekeza makatibu wapya. Nikikabidhiwa kaunta buku la klabu kwa ajili ya kulikagua, sianzi na orodha ya mahudhurio wala akidi, kwa sababu hayo makatibu wengi huyaandika vizuri. Natafuta maazimio, na hapo ndipo ninapokuta sentensi kama hii, ambayo niliiandika mimi mwenyewe katika mwaka wangu wa kwanza:

"Wajumbe walijadili kwa kina suala la jezi na ikaonekana upo umuhimu wa kupata jezi mpya kabla ya bonanza. Ilikubaliwa kuwa Katibu na Mweka Hazina wafuatilie suala hilo mapema iwezekanavyo."

Kiswahili chake hakina kosa, na kikao kilichofuata kiliithibitisha bila pingamizi. Hata hivyo bonanza lilipofika tulicheza na jezi za zamani, zilizopauka na kupishana rangi. Mimi nilidhani Mweka Hazina ndiye anayekwenda Kariakoo kwa kuwa fedha ziko kwake, naye alikuwa akisubiri nimletee bei. Hakuna aliyezembea, kwani kila mmoja wetu alikuwa amesoma muhtasari uleule na kuuelewa kwa namna yake.

Kosa la kwanza liko katika kitenzi. Lugha yetu inaruhusu tendo kutajwa bila mtendaji, kwa hiyo ni rahisi mno kuandika "ilikubaliwa jezi zinunuliwe" na sentensi ikasimama imara ilhali mnunuzi hayumo. Kitenzi "kufuatilia" kina udhaifu mkubwa zaidi, kwa kuwa hakina mwisho: aliyepiga simu moja amefuatilia, na aliyezunguka maduka kumi naye amefuatilia. Siku hizi nikisikia neno hilo kikaoni huinua mkono na kuuliza, "Ndugu Mwenyekiti, tutajuaje kuwa amemaliza?" Jibu litakalotolewa ndilo ninaloliandika.

Kosa la pili ni kuwataja wahusika wawili. Kazi inaweza kufanywa na watu watano, lakini wa kuulizwa awe mmoja, na wengine waandikwe kuwa wanamsaidia. Hata kazi ikipewa kamati ndogo, namwandika mratibu wake kwa jina na cheo. Jina peke yake halitoshi, kwa sababu viongozi hubadilika na deni la kazi hubaki kwenye cheo. Cheo peke yake nacho hakitoshi pale klabu inapokuwa na makamu wawili au wajumbe kadhaa wasio na wadhifa maalumu.

Kosa la tatu ni muda, nalo hapa kwetu lina sura zake. "Mapema iwezekanavyo" si tarehe. "Baada ya Idi" si tarehe pia, maana siku yenyewe inategemea mwezi kuandama, na neno "baada" halisemi ni siku moja au ishirini. "Usiku wa Jumamosi" kwa wengine ni usiku wa kuamkia Jumamosi na kwa wengine ni usiku unaofuata mchana wake, kwa hiyo naandika siku, tarehe, mwezi, mwaka na saa. Kwenye saa naongeza neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwa kuwa saa 12:00 tupu inaweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja.

Tuchukue suala hilohilo la jezi na kuliandika kana kwamba kikao kilifanyika Alhamisi tarehe 15 Agosti 2024, na bonanza lilipangwa Jumamosi tarehe 14 Septemba. Mimi ningeandika hivi:

"Azimio Na. 5.2: Kamati iliazimia klabu inunue jezi 24 za bluu zenye namba mgongoni, kwa jumla isiyozidi Sh 600,000 kutoka mfuko wa michango ya kila mwezi. Bei ikizidi kiasi hicho, ununuzi usifanyike hadi kamati ikutane tena.
Mhusika: Mweka Hazina, akisaidiwa na Katibu kupata bei za maduka matatu.
Ukomo: Ijumaa tarehe 30 Agosti 2024, saa 12:00 jioni.
Kukamilika: Mtunza vifaa awe amepokea na kuhesabu jezi zote, na risiti iwe mikononi mwa Katibu."

Mstari wa mwisho ndio unaoachwa na wengi, nami nauona kuwa na thamani kuliko yote. Bila huo, Mweka Hazina anaweza kusema kwa nia njema kabisa kuwa amenunua, kumbe amelipa malipo ya awali na jezi bado ziko kwa fundi wa kuchapa namba. Ukomo nao nimeuweka wiki mbili kabla ya bonanza kwa makusudi, ili zikija na dosari uwepo muda wa kuzirudisha. Sentensi kuhusu bei kuzidi inamlinda mhusika, maana asiyejua mpaka wake ama atasita, ama atatumia fedha ambazo kamati haikumruhusu.

Maneno hayo hayaandikwi nyumbani. Kabla Mwenyekiti hajaita ajenda inayofuata, naomba nafasi niyasome kwa sauti, na mhusika aseme kama anaikubali kazi na tarehe yake. Inachukua dakika moja, na mara nyingi hapo ndipo mtu anaposema kuwa wiki hiyo atakuwa safarini. Mjadala uliotangulia nauandika kwa ufupi tu: sababu kuu iliyotolewa, na pingamizi kama mjumbe ameomba liandikwe. Nani alisema nini hakumsaidii anayetaka kujua la kufanya.

Katika kikao kinachofuata watu huchanganya mambo mawili. Kuthibitisha muhtasari ni kukubali kwamba umeandikwa kama ilivyoamuliwa, na si nafasi ya kubadili uamuzi. Anayejutia rangi ya bluu alete hoja mpya. Utekelezaji huulizwa kwenye yatokanayo, na hapo nimepiga marufuku neno "linaendelea" katika vitabu vyangu, kwa sababu nimewahi kukuta azimio moja likiendelea vikao saba mfululizo. Naandika limetekelezwa, halijatekelezwa, au limetekelezwa kwa sehemu. Na kama bado, ukomo wa awali haufutwi, bali mpya unaandikwa kando yake ili kamati ione ni mara ngapi tarehe imesogezwa.

Tuseme basi kamati imekutana Alhamisi tarehe 5 Septemba, na duka lilikuwa limeleta jezi 22. Yatokanayo yatasomeka hivi:

"Azimio Na. 5.2 la tarehe 15 Agosti 2024 limetekelezwa kwa sehemu. Mtunza vifaa amepokea jezi 22, na risiti ya Sh 550,000 iko kwa Katibu. Zimebaki jezi 2, namba 9 na 17. Mhusika: Mweka Hazina. Ukomo wa awali: tarehe 30 Agosti 2024. Ukomo mpya: Jumatano tarehe 11 Septemba 2024, saa 12:00 jioni."

Mjumbe ambaye hakuhudhuria kikao chochote kati ya hivyo viwili, akisoma mistari hiyo kwenye simu yake, hahitaji kumpigia mtu ili kujua aende kwa nani kuuliza jezi namba 9.