Kumpangisha mtu mwingine fleti uliyopanga bila idhini: mzigo anaobaki nao mpangaji wa kwanza

Mtu aliyepanga fleti akimwingiza mtu mwingine ndani yake kwa malipo, huku mkataba wake na mwenye nyumba ukiendelea, anakuwa amepangisha juu ya upangaji wake. Hali hii haifanani na ya kumkaribisha ndugu aliyekuja mjini kutafuta kazi, wala na ya kuchangia kodi na mwenzako mnayeishi pamoja na anayejulikana kwa mwenye nyumba. Hapa yule wa kwanza ameondoka, au amebaki na chumba kimoja tu, na yule wa pili anaishi katika nyumba akimlipa mtu ambaye si mwenye nyumba. Makala haya yanahusu hatari zinazomwangukia huyo wa kwanza pale mwenye nyumba asipokuwa na habari, na nimechagua kuyaeleza kwa hali ya Dar es Salaam, kwa sababu desturi ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo ndiyo inayowasukuma wengi kufanya hivyo.

Fikiria mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka, kisha katikati ya mwaka akahamishwa kikazi kwenda mkoa mwingine. Akifungua mkataba wake atakuta vifungu viwili ambavyo madalali na wenye nyumba huvinakili kutoka mkataba mmoja hadi mwingine. Cha kwanza kinasema kodi iliyokwisha kulipwa haitarejeshwa. Cha pili kinasema mpangaji hataruhusiwa kumpangisha mtu mwingine nyumba hiyo au sehemu yake bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Kifungu kimoja kinamzuia asirudishiwe fedha zake, na kingine kinamzuia asizirudishe mwenyewe kwa kumtafuta mtu wa kukaa humo. Simlaumu mtu anayejiona amebanwa, lakini ni lazima ajue kwamba njia anayoiona kuwa rahisi ndiyo inayomwachia madeni ambayo hakuyapanga.

Hata pale mkataba usiposema lolote kuhusu jambo hili, mpangaji hayuko huru. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inaweka masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mikataba ya upangaji, na miongoni mwake ni kwamba mpangaji hatapangisha wala kumwachia mtu mwingine nyumba bila kwanza kupata idhini ya maandishi, na kwamba mwenye nyumba naye hatainyima idhini hiyo bila sababu ya msingi. Sehemu hii ya pili husahauliwa na pande zote mbili, ingawa ndiyo inayompa mpangaji nguvu ya kuomba badala ya kujificha.

Kiini cha hatari ni kwamba kumwingiza mtu wa pili hakumtoi wa kwanza. Mwenye nyumba hana mkataba na huyo mgeni, hakumchagua, hakuchukua nakala ya kitambulisho chake, na hana sababu ya kumdai chochote iwapo anaweza kumdai mtu ambaye sahihi yake anayo. Mpangaji wa kwanza kwa hiyo anakuwa mpangaji kwa upande mmoja na mpangishaji kwa upande wa pili. Anawajibika kwa mwenye nyumba kwa kila kitu kitakachotendeka ndani ya fleti, na wakati huohuo anawajibika kwa mpangaji wake kumhakikishia makazi ambayo yeye mwenyewe hana mamlaka kamili ya kuyatoa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mpangaji anakodi fleti ya vyumba viwili Kijitonyama kwa shilingi 400,000 kwa mwezi, na mwezi wa Januari analipa mwaka mzima, yaani shilingi 4,800,000. Mwishoni mwa Aprili anahamia Dodoma. Imebaki miezi minane, yenye thamani ya shilingi 3,200,000. Kwa msaada wa dalali anampata mtu wa kukaa humo kwa shilingi 450,000 kwa mwezi, na kwenye karatasi anaona atarudisha fedha zake zote na kubakiwa na faida ya shilingi 400,000. Mtu huyo analipa miezi mitatu ya kwanza, Mei hadi Julai, jumla shilingi 1,350,000, na kuahidi kumalizia mwezi wa Agosti. Agosti inapita, ahadi zinafuatana kwa simu, na hakuna kinacholipwa tena. Desemba mkataba wa awali unakwisha, lakini mtu huyo hatoki. Mwenye nyumba anayekuja Januari kuzungumzia mkataba mpya anafunguliwa mlango na mtu asiyemjua, na inachukua hadi mwisho wa Machi kumwondoa.

Sasa mwenye nyumba anamwandikia aliyeko Dodoma. Anamdai malipo ya Januari, Februari na Machi, shilingi 1,200,000, kwa kuwa hakukabidhi nyumba siku mkataba ulipokwisha, na mwenye nyumba alishindwa kuipangisha kwa mtu mwingine. Anamdai shilingi 650,000 za sinki lililovunjika, kitasa kilichong'olewa na ukuta wa jikoni uliojaa masizi, na shilingi 180,000 za ankara za maji zilizolimbikizwa. Jumla ni shilingi 2,030,000, wakati alichopokea ni shilingi 1,350,000. Kama angefunga mlango Aprili, akaondoka na funguo na kuiacha fleti tupu hadi Desemba, angekuwa na hali bora kwa shilingi 680,000. Umeme haumo katika deni hili kwa sababu LUKU hulipiwa kabla ya kutumika, na ni moja ya gharama chache ambazo mtu wa pili hawezi kumwachia wa kwanza.

Je, mpangaji wa kwanza hawezi kumdai yule aliyekaa bila kulipa? Kwa nadharia anaweza, kwa kuwa walikubaliana wao wawili. Kwa vitendo, ana kikwazo ambacho mdaiwa wake anakijua vizuri. Akienda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba msaada, ataulizwa mkataba wake na mwenye nyumba. Akifungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, atalazimika kueleza alimpangishaje mtu nyumba isiyo yake, na maelezo yake mwenyewe yatakuwa ushahidi kwamba alivunja mkataba wake. Ndiyo maana wengi hunyamaza, na mtu wa pili mwenye nia mbaya hutambua mapema kwamba anashughulika na mtu asiyeweza kupaza sauti. Dalili ya kwanza huwa ni hii: anaanza kuuliza maswali kuhusu mwenye nyumba, anaishi wapi, huja lini, kama anajua, kisha ndipo malipo yanaanza kuchelewa.

Hatari nyingine hujitokeza pale mwenye nyumba anapogundua mkataba ukiwa bado unaendelea, na kugundua si kazi ngumu. Mlinzi humwambia, jirani humpigia simu kulalamikia kelele, au dalali huzungusha picha za fleti kwenye kundi la WhatsApp ambalo na yeye yumo, naye akalitambua sebule lake mwenyewe. Kupangisha bila idhini ni uvunjaji wa mkataba unaoweza kumpa haki ya kuusitisha. Hata hivyo, hatakiwi kuja na vijana kutoa vitu nje. Anapaswa kutoa notisi ya maandishi inayotaja kosa, na pale linaporekebishika, kutoa muda wa kulirekebisha, kisha, asiposikilizwa, aende barazani. Mpangaji aliyepata notisi na akamwondoa mtu wa pili ndani ya muda huo ana nafasi nzuri ya kuomba mkataba wake usivunjwe. Aliyepuuza hana.

Mkataba ukivunjwa, mtu wa pili naye anageuka kuwa mdai. Kama alikwisha kulipa miezi sita na ametolewa baada ya miwili, ana haki ya kudai kilichobaki kutoka kwa aliyempokelea fedha, pamoja na gharama za kuhama. Na hapa lazima niseme kwa uzito: mpangaji aliyejitambulisha kuwa mwenye nyumba, au aliyeonyesha karatasi ya uongo ya idhini, ametoka katika ugomvi wa mkataba na kuingia katika jinai ya kujipatia fedha kwa udanganyifu. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyemwambia mwenzake ukweli kwamba yeye pia amepanga, na mtu aliyeuficha.

Vilevile, jina lililoandikwa kwenye mkataba ndilo watu watakaloanza nalo. Ikiwa ndani ya fleti kimetokea kosa, polisi wakimuuliza mwenye nyumba nani anaishi humo, atatoa jina na nakala ya kitambulisho alichonacho. Mpangaji wa kwanza hatahukumiwa kwa kosa asilolitenda, lakini ataitwa kueleza, na mtu asiye na hata barua moja inayoonyesha ni lini alimwachia mwingine nyumba atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Katika nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, jambo hili lina historia yake. Wapo waliokuwa wakipokea kilemba ili kumwachia mtu fleti ya katikati ya jiji, kisha kuendelea kulipa kodi ndogo ya shirika huku wakipokea kubwa kutoka kwa aliyeingia. Shirika limewaonya wapangaji wa aina hii hadharani mara nyingi, na anayebainika huhatarisha upangaji ambao pengine familia yake imekuwa nao kwa miaka mingi.

Anayelazimika kuondoka kabla ya muda aanze na barua kwa mwenye nyumba, si na simu kwa dalali. Barua itaje jina na kazi ya anayependekezwa, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na iombe jibu la maandishi. Lakini hata jibu la kukubali lina aina mbili, na tofauti yake ina thamani ya fedha nyingi. Idhini ya kupangisha inaondoa kosa la kuvunja mkataba tu. Kodi, uharibifu na makabidhiano ya mwisho hubaki kwa mpangaji wa kwanza. Makubaliano ya kumbadilisha mpangaji, ambayo watu watatu wote wanayatia sahihi, humaliza mkataba wa zamani na kuanzisha mpya kati ya mwenye nyumba na anayeingia, na hapo ndipo wa kwanza anapokuwa huru.

Akiweza kuchagua, aombe hayo ya pili, na karatasi iseme waziwazi kwamba hatadaiwa chochote kitakachotokea baada ya tarehe fulani, na nani atamrudishia kodi ya miezi iliyobaki. Mwenye nyumba wengi hukubali mpango huu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hawapotezi hata mwezi mmoja wa kodi. Siku ya kukabidhi funguo wakague fleti pamoja, wasome mita ya maji na kuandika namba, na wapige picha za sinki, vitasa na kuta, kisha kila mmoja abaki na nakala yenye sahihi zote tatu.