Sabuni ngapi ziuzwe ili milioni 14 zibaki baada ya kodi? Dhana potofu na ukweli

Tuchukue kampuni ndogo ya kubuni iliyoko Paje, Unguja, inayotengeneza sabuni za mwani. Kipande kimoja huuzwa shilingi 5,000. Mafuta ya nazi, unga wa mwani, mafuta ya karafuu, karatasi ya kufungia na ujira wa kukata na kufunga hula shilingi 3,000 kwa kila kipande. Kwa hiyo kila kipande kinachangia shilingi 2,000. Kodi ya pango, mishahara ya mwezi na gharama nyengine zisizobadilika ni shilingi milioni 21 kwa mwaka. Wenye kampuni wanataka wabakiwe na milioni 14 baada ya kulipa kodi ya mapato, ambayo kwa kampuni ni asilimia 30 ya faida.

Dhana: Kodi ni asilimia 30, basi ongeza asilimia 30 juu ya faida unayoitaka.

Kosa hili hutokea kirahisi, kwa sababu linafanana sana na hesabu sahihi. Mtu huchukua milioni 14, akazidisha kwa 1.3, akapata milioni 18.2. Anajumlisha milioni 21, anagawa kwa 2,000, anapata vipande 19,600. Mwisho wa mwaka faida kabla ya kodi inakuwa milioni 18.2 kama alivyopanga, lakini kodi yake ni milioni 5.46. Kinachobaki ni milioni 12.74, na pengo la milioni 1.26 halina wa kulijaza.

Ukweli ni kwamba asilimia 30 hutozwa juu ya faida nzima kabla ya kodi, wala si juu ya kile kinachobaki. Milioni 14 ni asilimia 70 ya kiasi tusichokijua bado, na kiasi hicho tunakipata kwa kugawa: milioni 14 ÷ 0.7 = milioni 20. Kwa hiyo:

Vipande = (21,000,000 + 20,000,000) ÷ 2,000 = 20,500

Hakiki kwa kurudi nyuma. Vipande 20,500 vinachangia milioni 41. Toa milioni 21, inabaki milioni 20. Toa kodi ya milioni 6, zinabaki 14 kamili. Mimi siamini hesabu yoyote ya aina hii kabla ya kuirudia hivi, maana kosa la kuzidisha badala ya kugawa hujifichua hapo hapo.

Jibu likiwa na desimali, panda juu daima. Lengo likiwa milioni 15, hesabu inatoa vipande 21,214.3, ukiuza 21,214 utakuwa hujafika, basi jibu ni 21,215.

Dhana: Kodi inaathiri kila kitu, basi gawa jumla yote kwa 0.7.

Hapa mtu hujumlisha 21 na 14 kwanza, ndipo akagawa: milioni 35 ÷ 0.7 = milioni 50, yaani vipande 25,000. Hivyo ni vipande 4,500 zaidi ya vinavyohitajika, na mwani na mafuta yake yatanunuliwa kwa fedha taslimu.

Gharama zisizobadilika hazigawiwi kwa 0.7, kwani zimeshatolewa kabla kodi haijaanza kuhesabiwa. Vipande 10,500 vya mwanzo vinalipia tu milioni 21. Hapo hakuna faida wala hasara, na kodi ya faida haipo. Kuanzia cha 10,501, kila kipande kinaacha shilingi 1,400 baada ya kodi. Milioni 14 ÷ 1,400 ni vipande 10,000. Jumlisha 10,500, tumerudi kwenye 20,500 kwa njia nyengine.

Dhana: Faida ya kwenye daftari ndiyo inayotozwa kodi.

Si lazima. Baadhi ya matumizi hayakubaliwi kupunguza kodi. Tuseme katika zile milioni 21 zimo milioni 2 za aina hiyo, mfano matumizi binafsi ya mwenye kampuni yaliyopitishwa kwenye biashara. Kodi sasa inatozwa kwenye faida ukijumlisha milioni 2, kwa hiyo kuna laki 6 za kodi zaidi. Faida kabla ya kodi inayohitajika ni milioni 14.6 ÷ 0.7, takriban milioni 20.86, na vipande vinakuwa 20,929.

Dhana: Kanuni hii inamfaa kila muuza sabuni.

Inaifaa kampuni inayotozwa kiwango kimoja juu ya faida. Mfanyabiashara mdogo asiye na kampuni, anayelipa kodi ya makadirio, hutozwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka, hata kama mwaka huo hakupata faida. Kwake hakuna cha kugawa kwa 0.7. Anatazama mauzo anayoyatarajia yanaangukia daraja gani la kodi, anaijumlisha kodi hiyo kwenye lengo lake na gharama zake zisizobadilika, kisha anagawa kwa mchango wa kipande. Ikiwa vipande alivyopata vinaleta mauzo ambayo kodi yake ni tofauti na aliyoiweka, anairudia hesabu kwa kodi ya mauzo hayo.