"Who Called You?": "Did" Imekwenda Wapi?

"Kama swali la Kiingereza la wakati uliopita lazima liwe na 'did', mbona wanasema 'Who called you?' na si 'Who did call you?'"

Kwa sababu "who" hapo ndiye kiima, yaani ndiye aliyepiga simu. Hakuna neno lililohama, basi "did" haina kazi.

Nami niliandika "Who did call you?" kwa miaka, tena kwa kujiamini. Nilikariri kwamba "did" ni alama ya swali, kama "je" yetu. Sivyo. Ingekuwa alama ya swali, ingeonekana katika kila swali, na wala isingeonekana katika "I did not call", ambayo si swali hata kidogo. "Did" ni mpagazi: huitwa pale tu kitenzi kisaidizi kinapohitajika na hakipo.

Chukua "Juma saw Asha". Tukiuliza kuhusu Asha, aliyeonwa, "who" hutoka mwisho wa sentensi na kuja mbele. Kiulizi kikihamia mbele namna hiyo, Kiingereza hutaka kitenzi kisaidizi kitangulie kiima. Hapa hakipo, kwa hiyo "did" huitwa na kukaa mbele ya Juma. Ikifika hubeba mzigo wa wakati uliopita, na "saw" iliyokuwa imeubeba hubaki mikono mitupu, ikawa "see": "Who did Juma see?" Anayesema "Who did Juma saw?" amewatwisha wawili mzigo wa mmoja.

Sasa tuulize kuhusu Juma, aliyeona. "Who" huketi kwenye kiti kilekile cha Juma, na mengine yote hubaki yalivyo: "Who saw Asha?" Mzigo bado uko kwa "saw".

Ukikwama, jibu swali lako kwa sentensi nzima. Jibu likikaa mwanzoni, palipokaa kiulizi, usiweke "did". Kwa "What happened?" jibu ni "An accident happened", basi hapana "did". Kwa "What did you buy?" jibu ni "I bought a book", kitabu kiko mwisho, basi "did" inahitajika. Kiulizi kinaweza pia kuwa kirefu, na hapo ndipo wengi huteleza: "How many students passed?" haina "did", maana "how many students" yote ni kiima.

Kanuni hii haizuii "Who didn't come?" Hapo "did" imeitwa na ukanushi, si na swali. Hata "Who did call you?" niliyoiandika miaka yote ile hukubalika kwa msisitizo: umeshaambiwa Asha hakupiga, Juma hakupiga, na sasa unataka kujua ni nani hasa aliyepiga. Mimi, kwa bahati mbaya, sikuwa nikisisitiza chochote.