Aga-aga: Jeli ya Mwani Isiyoyeyuka Mdomoni

Swali hili hutufikia mara kwa mara katika kitengo chetu cha elimu ya chakula, hasa kutoka kwa wasiokula nyama na kutoka kwa Waislamu wanaotilia shaka jeli za pakiti: je, aga-aga kweli ni mwani, na inaweza kushika nafasi ya jelatini?

Ndiyo, ni mwani. Hutolewa kwenye mwani mwekundu wa jamii ya Gelidium na Gracilaria. Mwani huchemshwa mpaka uachie utomvu wake, maji yakachujwa, yakaachwa yapoe na kuganda. Njia ya zamani ya kuyaondoa maji hayo ni kuigandisha ile jeli iwe barafu kisha kuiacha iyeyuke: maji hutiririka nje, na kinachobaki hukaushwa. Likumbuke jambo hilo la barafu, tutalirudia.

Jelatini ina asili nyingine kabisa. Ni protini inayotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, zaidi nguruwe na ng'ombe, na wakati mwingine samaki. Hivyo asiyekula nyama haigusi, na Muislamu hawezi kuila ya nguruwe. Ya ng'ombe nayo humlazimu kujua mnyama alichinjwaje. Aga-aga haina mnyama ndani yake, kwa hiyo maswali hayo hayazuki. Ila soma pakiti yote. Unga wa jeli uliokwisha kutiwa sukari na ladha unaweza kuwa na jelatini hata kama picha ya juu ni ya matunda matupu. Aga-aga huandikwa pia E406.

Tofauti yao jikoni ilijulikana maabara kwa kisa ninachokipenda. Mwaka 1881 hivi, Walther Hesse, aliyefanya kazi na mtafiti wa bakteria Robert Koch huko Ujerumani, alikuwa akiotesha bakteria juu ya jelatini. Joto likipanda, jelatini inayeyuka. Na baadhi ya bakteria waliila kabisa. Mkewe, Fanny Hesse, alikuwa akitumia aga-aga kwenye jeli zake za nyumbani, akapendekeza waijaribu. Haikuyeyuka.

Sababu ni hii. Jelatini huyeyuka kwenye nyuzi joto 35 au chini kidogo, ndiyo maana hulainika mdomoni. Aga-aga huganda ikipoa hadi karibu nyuzi 35 au 40, lakini ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie 85. Basi huganda mezani bila friji na haimwagiki kwenye joto, ila mdomoni hukatika vipande badala ya kuyeyuka. Anayeionja akitarajia jelatini ataona ni ngumu.

Tuchukue jeli ya nanasi, ambayo jelatini hushindwa nayo. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, kwa hiyo jelatini hubaki maji hata ukikesha ukiisubiri. Aga-aga si protini, ni wanga wa aina yake, na kimeng'enya hicho hakiidhuru. Kwa nusu lita ya jeli, koroga gramu 4 za unga wa aga-aga, yaani vijiko viwili vya chai vya kusawazisha, katika mililita 200 za maji baridi. Weka motoni, koroga mpaka yachemke, kisha yaache yachemke polepole dakika 2 au 3. Inua kijiko utazame: ukiona chembe kama mchanga, bado. Maji ya moto peke yake hayatoshi, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa jelatini wamezoea kuikoroga tu kwenye maji ya moto. Tia sukari, epua, kisha changanya na mililita 300 za maji ya nanasi yasiyotoka kwenye friji, maana baridi huigandisha aga-aga mabonge kabla hujamaliza kukoroga. Maji ya limau nayo yaingie baada ya kuepua. Ukiyachemsha pamoja, asidi huivunja nguvu.

Kabla ya kumimina kwenye chombo, dondosha kijiko kimoja juu ya sahani baridi. Kikiganda baada ya dakika chache, umefaulu. Kikiwa kigumu mno, ongeza maji kidogo ya moto. Kikiwa laini mno, chemsha unga zaidi katika maji kidogo pembeni, pasha mchanganyiko wako moto, uviunganishe.

Ukiiweka jeli ya aga-aga kwenye friza, mambo yatakuwa yaleyale ya ile njia ya barafu: ikiyeyuka itatoa maji na kubaki kama sifongo. Hata kwenye friji ya kawaida hutoa jasho kidogo baada ya siku moja au mbili, nalo si dalili ya kuharibika.

Kwenye mashimelo na krimu za kupigwa mapovu sikushauri ubadilishe gramu kwa gramu. Jelatini hushika hewa ikawa laini na ya kuvutika. Aga-aga huganda ghafla na kuwa ya kukatika. Mapishi hayo yanahitaji kuandikwa upya kwa ajili yake, au utumie jelatini ya samaki iliyothibitishwa kuwa halali, ikiwa samaki unakula.