Picha ya kinyama si majibu ya kinyama

Mtu akishatolewa vinyama vya utumbo mpana, yaani polipu, siku hizi huondoka na picha kwenye simu. Anakuja nayo kliniki, anaikuza kwa vidole viwili, anauliza: "Daktari, hiki si saratani hiki? Nirudi mwakani?" Nikimuuliza majibu ya patholojia, yaani ya kinyama kilichochunguzwa maabara, yako wapi, ananionyesha picha ileile.

Dhana: picha inatosha kujua kinyama ni cha aina gani na kolonoskopia, kile kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana, kirudiwe lini.

Haitoshi, na nimechoka kulirudia hili. Tuanze na ukubwa, maana ndio unaowatisha watu. Lenzi ya kamera hukuza kilicho karibu nayo. Kinyama cha milimita 4 kikisogelewa hujaza skrini nzima, na cha milimita 12 kikipigwa kwa mbali huonekana kama kipele. Ndiyo maana mpimaji makini hukipiga picha kikiwa pembeni ya koleo la kukatia nyama lililofunguliwa, ambalo upana wake huwa milimita 7 au 8 hivi. Kama hakuna kifaa pembeni, ukubwa usiukisie kwa macho.

Aina nayo hukisiwa tu. Chini ya mwanga wa buluu na kijani, adenoma, kinyama kinachoweza kugeuka saratani miaka ikienda, huelekea kuwa ya kahawia kuliko nyama inayoizunguka, na mishipa yake ya damu huonekana wazi. Kinyama cha haipaplasia, ambacho kikiwa kidogo kwa kawaida hakigeuki saratani, hufanana rangi na jirani zake. Hilo ni dokezo zuri kwa mtaalamu. Lakini jinsi adenoma ilivyojengeka ndani, na seli zake zimebadilika kwa daraja la chini au la juu, ni mpatholojia anayeyathibitisha kwa darubini.

Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 56 mwenye picha tatu. Iliyomkosesha usingizi ilikuwa ya kinyama chekundu karibu na njia ya haja kubwa. Majibu yalipotoka, hicho kilikuwa haipaplasia ya milimita 4, ambayo mahali pale haibadilishi ratiba. Cha pili, milimita 6, kilikuwa adenoma iliyojengeka kama vijimirija, daraja la chini. Cha tatu, chenye kikonyo, ambacho hata hakukiulizia, kilikuwa adenoma ya milimita 12 iliyojengeka kwa sehemu kama vidole vidole. Hicho ndicho kilichopanga tarehe: miaka 3. Milimita 10 na kuendelea zilitosha peke yake kumpa miaka 3. Kwa mwongozo wa Marekani wa 2020, ule ujenzi wa vidole nao ungetosha hata kama kinyama kingekuwa kidogo.

Sasa kiondoe hicho cha tatu. Anabaki na adenoma moja ndogo, na mwongozo huohuo unampa miaka 7 hadi 10. Ule wa Ulaya wa mwaka huohuo haumpi hata ufuatiliaji wa pekee: anarudi kwenye uchunguzi wa kawaida kama watu wengine, na pasipo na mpango wa uchunguzi anapimwa tena baada ya miaka 10. Picha ya kutisha haikuingia popote kwenye hesabu.

Kwa hiyo hifadhi karatasi mbili: ripoti ya kolonoskopia, yenye idadi, ukubwa na mahali pa kila kinyama, na majibu ya patholojia. Uliza pia kama vinyama vya sehemu tofauti viliwekwa kwenye chupa tofauti. Vikichanganywa chupa moja, mpatholojia atakuambia kuna adenoma, lakini hatajua ni kile kikubwa au kile kidogo.

Dhana: ukishatolewa kinyama, kila mwaka unapimwa.

Mwaka 1 ni wa mtu aliyekutwa na adenoma zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja. Wengine mnajitesa, na utumbo unaweza kutoboka, ingawa ni mara chache.

Dhana: kimetolewa, basi kimeisha.

Inategemea kilivyotolewa. Kinyama cha milimita 20 au zaidi kilichokatwa vipandevipande kinaweza kuacha masalia ukingoni. Huyo hurudi baada ya miezi 6 kuangaliwa kovu, hata kama picha ya mwisho inaonyesha pasafi.

Dhana: choo kikibaki kidogo si neno.

Miaka yote niliyotaja ni ya kipimo kilichofika hadi mwanzo wa utumbo mpana, ukiwa msafi. Kuna vinyama bapa upande wa kulia vyenye rangi ya nyama ya kawaida, vimefunikwa ute, na choo kidogo tu kinavificha. Utumbo ukiwa mchafu, huna miaka 10. Kipimo kinarudiwa ndani ya mwaka. Gawanyeni dawa ya kusafishia: nusu usiku, nusu ya pili ianzwe zikiwa zimebaki saa 4 hadi 6 kipimo kifanyike na iishe zikiwa zimebaki angalau saa 2. Wanaoinywa yote jioni ili walale vizuri ndio nawaona tena mapema.